Pumu: Linganisha Asubuhi na Jioni

Mwenye pumu hupuliza kipima pumzi mara tatu asubuhi na jioni, kabla ya dawa, na kuandika kwenye chati namba iliyo kubwa zaidi. Tuseme kipimo chake bora ni 400. Kuanzia 320 yuko kijani. 200 hadi 319 ni manjano. Chini ya 200 ni nyekundu, atumie inhela ya dharura na kukimbizwa hospitalini.

Jioni anapata 370, anajiona mzima. Lakini asubuhi alipata 290. Pengo ni 80, yaani asilimia 24 ya wastani wa siku, 330. Kwa mtu mzima, pengo la kila siku likizidi asilimia 10 kwa wiki nzima, ni dalili pumu haijadhibitiwa. Apeleke chati kliniki, hata kama jioni zote ni kijani.