Kura Ndani ya Sufuria
Hotuba fupi kwa mabaraza ya wananchi

Hiki ni kisa cha kubuni, lakini kazi inayosimuliwa ni ya kweli.

Mama Zawadi, mhudumu wa afya ya jamii, alikuwa na kaya 96 katika daftari lake. Msimamizi wake alimwomba atembelee kaya 20 na kuhesabu zenye choo, ili ijulikane kama kijiji kinahitaji mpango wa vyoo.

Alizichagua nyumba za kando ya barabara, kwani zilikuwa karibu na wenyewe alifahamiana nao. Kaya 19 zilikuwa na choo. Kwa hesabu hiyo, kijiji kilikuwa salama.

“Mama Zawadi, na bondeni ulifika?” msimamizi akauliza. “Watoto wanaoletwa zahanati wakiharisha wanatoka huko.”

“Sikufika. Ni mbali, na njia ni mbaya.”

“Basi barabara ndiyo iliyokuchagulia nyumba.”

Siku ya baraza, wakazi walikagua daftari kwanza. Kaya 4 zilizohamia bondeni hazikuwa zimeandikwa. Zikaongezwa, zikawa 100, kwa maana asiye kwenye orodha hawezi kuchaguliwa kamwe. Nambari zote ziliandikwa kwenye karatasi za ukubwa mmoja, zikakunjwa sawasawa na kuchanganywa ndani ya sufuria. Mtoto akatoa 20 bila kutazama.

Nambari 73 ilipotoka, mzee mmoja alinong'ona, “Huyo atatuaibisha, hana choo. Irudishe, mama.”

“Mzee wangu, nikiirudisha hiyo, kesho mwingine ataniomba nirudishe yake. Hapo itakuwa si kura tena, ni mimi ninayechagua.”

Nyumba tatu alizikuta zimefungwa. Hakuingia kwa jirani badala yake. Wenyewe walikuwa vibarua wanaotoka alfajiri, na angewaruka, hesabu ingekuwa ya wanaoshinda nyumbani tu. Alirudi jioni.

Safari hii kaya 12 zilikuwa na choo na 8 hazikuwa nacho. Maana yake, takriban kaya 40 kati ya 100 zilikosa choo. Kura nyingine ingeweza kutoa 7 au 9, kwa sababu sufuria haijui jibu kamili. Lakini sufuria haina shemeji, haichoki kutembea, wala haiogopi aibu. Kosa lake haliegemei upande wa mtu yeyote.

Kijiji kiliingizwa katika mpango, na bondeni wakaanza kuchimba.

Kwa hiyo, ndugu wakazi, mkiona kura inapigwa kijijini, ulizeni mambo matatu. Je, kila kaya imo kwenye orodha? Je, kura inatolewa hadharani? Na je, kuna nambari iliyorudishwa baada ya kutoka?