Chuma Kilichomo Katika Githeri, na Kazi ya Vitamini C

(Maneno ya mazungumzo juu ya chakula, kwa wakazi wa Nairobi na vitongoji vyake vya magharibi)

Mwaka 1931 Dakta John Boyd Orr wa Scotland na Dakta J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya madaktari nchini Kenya, walitoa taarifa juu ya afya ya Wakikuyu na Wamasai. Wamasai walikuwa wakiishi hasa kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu kwa nafaka, kunde na mizizi. Miongoni mwa mambo waliyoyaandika ni kwamba upungufu wa damu ulionekana zaidi kwa wanaume wa Kikuyu kuliko kwa wanaume wa Kimasai. Ni kweli kwamba malaria na minyoo pia huondoa damu mwilini, na kwa hiyo haifai kuweka lawama yote juu ya sahani. Hata hivyo taarifa hiyo yaleta swali linalowahusu watu wa Dagoretti, Kawangware, Kangemi na Uthiru hata leo. Mahindi na maharagwe yana madini ya chuma, tena si haba. Mbona basi mtu aweza kula githeri kila siku na damu yake ikapungua?

Jibu ni kwamba chuma kilichomo katika chakula si sawa na chuma kinachoingia katika damu. Kati ya hivyo viwili pana mlango, na mlango huo una masharti yake.

Namna mbili za chuma

Chuma cha nyama, samaki na damu kimefungwa ndani ya ile rangi nyekundu ya damu. Utumbo hukipokea kikiwa kizima pamoja na kifuniko chake, wala vyakula vingine havikizuii sana. Mtu aliyenunua nyama katika soko la mtaa wa Muindi Mbingu, mjini, aweza kupata katika damu yake kiasi cha sehemu 15 hadi 35 katika kila sehemu 100 za chuma cha namna hiyo.

Chuma cha mimea hakina kifuniko hicho. Katika mahindi, maharagwe, dengu, wimbi na mboga za majani, chuma kiko katika hali iliyo sawa na ile ya kutu ya mabati. Kwa kawaida mwili hupokea sehemu 2 hadi 20 tu katika 100, na mlo wa nafaka na kunde peke yake huwa karibu na ile hesabu ya chini.

Safari ya chuma tumboni

Chakula kikifika tumboni hukutana na asidi kali. Asidi hiyo hukiachanisha chuma na chakula na kukiyeyusha, na hapo mambo bado ni mema. Taabu huanza chakula kinapotoka tumboni na kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba, ambapo ndipo hasa chuma hupokewa. Hapo mwili humimina maji ya kuua ukali wa asidi, ili utumbo usiungue. Ukali ukipungua, chuma cha namna ya kutu hakiwezi tena kuyeyuka. Huganda kuwa chembe ngumu, na chembe iliyoganda haipiti ukutani mwa utumbo. Hupita moja kwa moja hadi chooni.

Tena, chuma hicho hakiko peke yake. Katika ganda na kiini cha mahindi, na katika maharagwe, mna kitu kiitwacho fitati. Ndiyo akiba ambayo mbegu hujiwekea kwa ajili ya kuota. Fitati hushika chuma kwa nguvu sana, na mwanadamu hana katika utumbo wake njia ya kutosha ya kuivunja. Chai nayo ina tanini, ile inayoukausha ulimi kwa ukali wake, ambayo hushika chuma vilevile. Kikombe cha chai nyeusi kilichonywewa pamoja na mlo wa mimea chaweza kupunguza chuma kinachopokewa kwa zaidi ya nusu. Wengi hudhani kwamba maziwa huondoa dosari hiyo. Majaribio yameonyesha kwamba kutia maziwa hakubadili sana mambo.

Na hata chuma kilichookoka bado chakabiliwa na sharti la mwisho. Mlango ulioko katika ukuta wa utumbo haukipokei chuma cha namna ya kutu kabisa. Ni lazima kwanza kigeuzwe kuwa chuma cha namna ya pili, kilicho laini na chepesi kuyeyuka. Utumbo wenyewe una kifaa chake cha kukigeuza, lakini hakiwezi kufanya kazi juu ya chuma kilichokwisha kuganda au kushikwa.

Vitamini C hufanya nini

Vitamini C hufanya kazi mbili, na zote mbili huanza tumboni, wakati asidi ingali kali. Kwanza, hukigeuza chuma kutoka hali ya kutu na kukitia katika ile hali ya pili ambayo mlango huikubali. Pili, hukishika chuma chenyewe, kabla fitati na tanini hazijakiwahi. Mshiko wake si kama ule wa fitati. Fitati hukishika chuma na kuganda nacho; vitamini C hukishika na kubaki imeyeyuka, hata baada ya ukali kuondolewa. Hivyo chuma hufika mlangoni kikiwa bado majimaji, na hapo huachiliwa kiingie.

Kwa sababu hiyo wakati ni jambo kubwa. Chungwa lililoliwa saa nne asubuhi halikisaidii chuma cha githeri iliyoliwa saa saba mchana, kwa kuwa havikukutana tumboni. Chungwa na githeri lazima viliwe katika mlo mmoja.

Mwaka 1977, katika Amerika, James Cook na Elaine Monsen walipima jambo hili kwa mlo wa majaribio uliotiwa chuma chenye alama, ili kiweze kufuatwa mpaka ndani ya damu. Bila vitamini C watu walipokea sehemu 0.8 tu katika 100. Kadiri vitamini ilivyoongezwa, kutoka miligramu 25 hadi 1000, chuma kilichopokewa kilizidi pia, hata kikafikia sehemu 7.1 katika 100.

Sahani moja, hesabu tatu

Na tumchukue mama mmoja wa Kawangware alaye githeri mchana. Tuseme sahani yake ina miligramu 5 za chuma. Hesabu zifuatazo ni za kueleza tu, kwa maana tumbo la kila mtu na kila mlo una kiasi chake.

Akinywa chai ya rangi kali pamoja na chakula, na tuseme apokea sehemu 2 katika 100. Hiyo ni miligramu 0.1. Akinywa maji badala ya chai, na apokee sehemu 4. Amepata miligramu 0.2. Akila na chungwa moja la wastani, lenye karibu miligramu 70 za vitamini C, na apokee sehemu 8. Sasa amepata miligramu 0.4. Sahani ni ileile na bei ya githeri ni ileile, lakini chuma kilichoingia katika damu kimekuwa mara nne. Mwanamume mzima hupoteza kiasi cha miligramu 1 kwa siku, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huhitaji karibu miligramu 1.5. Hivyo yaonekana kwamba tofauti ya sahani moja si ndogo.

Si lazima kutafuta kitu cha gharama. Pera lina vitamini C mara nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule. Papai na pilipili hoho zafaa sana. Kachumbari ya nyanya mbichi iliyokamuliwa limau nayo ni msaada, ijapokuwa nyanya peke yake haina vitamini nyingi.

Makosa yanayoharibu faida

Vitamini C ni dhaifu mbele ya moto, maji na hewa. Sukuma wiki inayouzwa katika soko la Kangemi ina vitamini C nyingi ikiwa mbichi. Lakini ikikatwakatwa asubuhi na kuachwa hadi jioni, kisha ichemshwe kwa muda mrefu na maji yake yamwagwe, sehemu kubwa hupotea. Ioshwe kwanza ndipo ikatwe, ikatwe karibu na wakati wa kupika, na ipikwe kwa dakika chache katika maji kidogo. Limau nalo likamuliwe sahanini, wala si ndani ya sufuria inayochemka.

Chai isikatazwe, isogezwe tu. Ikinywewa saa moja au zaidi baada ya kula, hukuta sehemu ya chakula imekwisha kuteremka, na madhara yake hupungua.

Unga nao una habari yake. Mwaka 2012 sheria ya Kenya iliagiza kwamba unga wa mahindi uliofungwa katika pakiti utiwe chuma, na namna iliyochaguliwa ni ile ambayo fitati haiwezi kuishika kwa urahisi. Unga unaosagwa katika kinu kidogo cha mtaani mara nyingi haukutiwa kitu. Aulaye huo ndiye hasa anayehitaji limau au pera. Uji uliochachushwa pia una nafuu, kwa kuwa kuchacha huvunja sehemu ya fitati.

Mipaka ya jambo hili

Isidhaniwe kwamba chungwa ni dawa ya kila upungufu wa damu. Mwaka 2001 Cook huyohuyo, pamoja na Reddy, waliwapima watu waliokuwa wakila vyakula vyao vya kawaida kwa siku kadhaa, badala ya mlo mmoja wa majaribio. Safari hii kuongeza au kupunguza vitamini C hakukuleta tofauti kubwa. Katika chakula cha watu hao mlikuwa na mambo mengi mengine ya kusaidia na ya kuzuia. Basi faida ni kubwa zaidi pale ambapo mlo una fitati nyingi na hauna nyama, kama githeri tupu au ugali na maharagwe. Pia mwili wenye akiba ya kutosha ya chuma hufunga mlango wake wenyewe, na vitamini C haiwezi kuulazimisha.

Mtu anayechoka upesi, anayehema akipanda kilima kidogo, au ambaye viganja vyake na ndani ya kope zake vimepauka, asikisie. Aende akapimwe damu. Mwanamke asiye na mimba aliye na kiasi kilicho chini ya gramu 12 za hemoglobini katika mililita 100 za damu huhesabiwa kuwa na upungufu. Kwa mwenye mimba mpaka ni gramu 11. Daktari ndiye atakayejua kama sababu ni chakula, minyoo, malaria au ugonjwa wa kurithi, kwa kuwa dawa zake si moja. Akipewa vidonge vya chuma avimeze kama alivyoagizwa, wala asivimeze kwa chai.