Kuhesabu Mayai ya Minyoo kabla ya Kununua Dawa
(Maneno ya Katibu katika mkutano wa wafugaji wa mbuzi na kondoo)



Wengi wenu mmelalamika kwamba dawa ya minyoo haifanyi kazi. Mbuzi ananyweshwa albendazoli, baada ya wiki chache ndani ya kope zake kumepauka tena na chini ya taya kumevimba. Wengine wanasema dawa ya dukani ni ya bandia, wengine wanasema minyoo imeizoea. Tusibishane bure. Jibu limo katika mavi, na safari hii tumeyapima.

Mnyoo tunaouogopa zaidi hapa ni ule unaokaa tumboni ukinyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, nayo hutoka na mavi. Basi dawa ikiua minyoo, mayai lazima yapungue. Yasipopungua, hela imeliwa bure.

Kazi tuliifanya hivi. Bwana mifugo alichagua mbuzi 10 waliokuwa hawajanyweshwa dawa kwa miezi miwili, kila mmoja akatiwa namba sikioni. Mavi yalitolewa nyumani kwa mkono wenye glavu, siyo kuokotwa chini, maana ya chini hujui ni ya nani wala ya lini. Yakatiwa katika mfuko wa plastiki, hewa ikakamuliwa, mfuko ukafungwa na kuwekwa penye baridi. Mavi yakikaa juani, mayai huanguliwa na hesabu inaharibika.

Maabara hupima gramu 2, hukoroga ndani ya mililita 28 za maji ya chumvi iliyokolea sana, na mayai huelea. Kisha maji kidogo hutiwa katika kioo chenye vyumba viwili vya mistari, nayo mayai huhesabiwa kwa hadubini. Vyumba hivyo viwili huchukua sehemu 1 katika 100 ya maji yote, na mavi yalikuwa gramu 2. Kwa hiyo kila yai lililoonekana huzidishwa kwa 50 ili kupata mayai ya gramu moja. Sisi wa darasa la watu wazima hesabu hiyo haitushindi.

Siku ileile mbuzi wakapimwa kwa mizani ya ghala na kunyweshwa albendazoli ya chupa mpya. Baada ya siku 14 tulichukua mavi ya mbuzi walewale. Ukiwahi mno, dawa inaweza kuwa imeizuia minyoo kutaga tu, haijaiua.

Matokeo ni haya. Kabla ya dawa, wastani ulikuwa mayai 1,400 kwa gramu. Baada ya dawa ulikuwa 560. Yamepungua 840, yaani asilimia 60. Dawa inayofaa hupunguza asilimia 95 au zaidi. Na hapa kipimo cha dawa hakikukisiwa kwa macho, wala chupa haikuwa imepitwa na wakati, kwa hiyo hatuna pa kusingizia. Minyoo yetu ni sugu kwa albendazoli.

Kundi la pili la mbuzi 10 lilipewa levamisoli. Hao walirudiwa baada ya siku 7, kwa kuwa dawa hii huiacha minyoo michanga, nayo ikikomaa hutaga upya na kuvuruga hesabu. Wastani ulitoka 1,300 ukafika 25. Hiyo ni asilimia 98. Levamisoli bado inatufaa.

Lakini jamani, msikimbilie dukani! Levamisoli ikizidi huua mbuzi. Kipimo cha kondoo nacho mara nyingi hakimtoshi mbuzi, maana mwili wake huitoa dawa upesi. Bwana mifugo ndiye atakayetaja kipimo kwa uzito.

Tena hatutanywesha zizi zima. Mbuzi wachache ndio hubeba mayai mengi. Watakaonyweshwa ni wenye hesabu kubwa na wenye kope zilizopauka. Wazima wenye mayai machache waachwe, kwa sababu minyoo yao haijaguswa na dawa, na mayai yao yatachanganyika malishoni na ya ile sugu. Ukinywesha wote, malishoni utabakiwa na uzao wa minyoo sugu peke yake.

Hesabu ina mipaka yake pia. Minyoo michanga hunyonya damu kabla haijaanza kutaga. Mbuzi mwenye kope nyeupe anyweshwe hata kama mayai yake ni machache, asisubiri karatasi ya maabara.

Kondoo bado hatujawapima. Wenye kondoo wafike ghalani Jumamosi asubuhi kabla ya kufungulia mifugo. Mifuko na glavu zitakuwepo. Aliyenunua mbuzi au kondoo mnadani mwezi huu amtenge kwanza, naye apimwe siku hiyo, maana anaweza kuwa amekuja na minyoo sugu ya kwao.