Asilimia Moja: Kupanga Idadi ya Hisa kwa Kipimo cha Hasara

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wawekezaji wadogo, Bagamoyo



Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze mauzo mwaka 1998, swali ninaloulizwa zaidi huku pwani ni, "Ninunue hisa gani?" Leo naomba tuliache hilo, tushike jingine: ninunue ngapi? Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 850, na baadaye bei ikaenda chini ya hapo. Aliyeweka sehemu ndogo ya akiba yake alikunja uso tu. Aliyeweka akiba yote alikwama. Hisa ni ileile. Kilichowatofautisha ni idadi.

Kanuni yenyewe

Katika kila ununuzi, amua mapema kwamba ukikosea hutapoteza zaidi ya asilimia 1 ya mtaji wako wote. Hapa wengi hujikwaa. Mwenye mtaji wa shilingi 5,000,000 hudhani anaruhusiwa kununua hisa za shilingi 50,000 tu. Sivyo. Hiyo 50,000 ni hasara anayokubali kuibeba. Thamani ya hisa atakazonunua inaweza kuwa kubwa mara kadhaa, ikitegemea umbali kati ya bei ya kununulia na bei ya kutokea, yaani bei ambayo ikifikiwa atauza na kukubali kuwa alikosea.

Idadi ya hisa = hasara inayokubalika ÷ hasara ya hisa moja

Mfano

Tuchukue hisa ya shilingi 1,000, na bei ya kutokea iwe 900. Haraka haraka tungesema hasara ya hisa moja ni 100, kwa hiyo 50,000 gawanya kwa 100, tununue hisa 500. Lakini dalali na soko wana tozo zao, unaponunua na unapouza. Kwa hesabu yetu tuseme ni asilimia 2 kila upande: shilingi 20 wakati wa kununua, na 18 wakati wa kuuza kwa 900. Hasara halisi ya hisa moja ni 138. Sasa 50,000 gawanya kwa 138 inatupa 362, tukishusha desimali. Thamani yake ni shilingi 362,000, kidogo juu ya asilimia 7 ya mtaji.

Aliyenunua 500 kwa kusahau tozo angepoteza 69,000 huku akiamini amejiwekea ukomo wa 50,000. Ndiyo maana nawaomba muandike tozo kwenye daftari kabla ya kumpigia dalali simu.

Kwa nini kiwango kiwe kidogo

Kukosea mara kumi mfululizo kunatokea, hata kwa mtu makini. Kwenye ule mtaji wa 5,000,000, anayepoteza asilimia 1 ya salio lililopo kila mara hubaki na takriban 4,522,000, na faida ya asilimia 11 hivi itamrudisha alikotoka. Anayepoteza asilimia 10 kila mara hubaki na takriban 1,743,000. Huyu anahitaji faida ya asilimia 187 ili arudi palepale. Angalieni pia kwamba asilimia hupigwa kwenye salio la leo: mtaji ukipungua, ununuzi unaofuata nao unapungua wenyewe.

Kanuni inapoishia

Bei ya kutokea si ahadi ya soko. Wachuuzi wa mnada wa samaki hapa Bagamoyo wanalijua hili: fungu la changu likifika jioni bila mteja, bei uliyoipanga asubuhi haikusaidii. Hisa nyingi za soko letu huuzwa chache kwa siku. Ukitaka kutoka kwa 900 na mnunuzi akapatikana kwenye 850, hasara ya hisa moja, pamoja na tozo, inakuwa 187, na zile hisa 362 zinakugharimu takriban 67,700. Kabla ya kununua, tazama taarifa za mauzo za wiki kadhaa. Kama hisa 362 ni nyingi kuliko zinazouzwa kwa siku ya kawaida, punguza idadi, au pigia hesabu bei ya kutokea iliyo chini zaidi.

La pili ni hisa zinazotembea pamoja. Ukiwa na CRDB na NMB, kila moja kwa asilimia 1, habari moja mbaya kuhusu mabenki inaweza kuzishusha zote siku ileile. Zihesabu kama ununuzi mmoja: gawanya asilimia 1 kati ya hizo mbili.

Pendekezo

Napendekeza kila mshiriki aanze daftari lenye safu tano: salio la leo, asilimia 1 yake, bei ya kununulia, bei ya kutokea, na hasara ya hisa moja pamoja na tozo. Jina la hisa liandikwe mwisho, safu zote tano zikishajazwa.