Sauti ni ya Mwanao, Lakini Je, Ndiye Anayesema?

Hotuba kwa wakazi wa Thika na Ruiru kuhusu matapeli wanaoiga sauti kwa kompyuta



Karibu kila mzazi katika kaunti hii anaujua ule utapeli wa zamani. Simu inalia, mtu anajitambulisha kuwa mwalimu, anasema mtoto ameanguka shuleni na amekimbizwa hospitalini, na pesa za matibabu zinatakiwa mara moja. Mzazi mwangalifu alikuwa na kinga moja rahisi. Alisema, "Mpe mtoto simu nimsikie." Tapeli hakuwa na mtoto wa kumpa, na mambo yaliishia hapo.

Kinga hiyo sasa haitoshi. Mnamo Januari 2023, watafiti wa kampuni ya Microsoft walieleza programu iliyoweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi ya sekunde 3 tu. Tangu wakati huo programu za aina hiyo zimeenea. Rekodi yenyewe si vigumu kuipata: ni video ya harusi iliyowekwa mtandaoni, ushuhuda uliotolewa kanisani na kurushwa moja kwa moja, au kijana anayejirekodi akichekesha marafiki zake.

Mwaka huohuo wa 2023, mama mmoja wa jimbo la Arizona nchini Marekani, Jennifer DeStefano, alilieleza Bunge la Seneti yaliyompata. Alipigiwa kutoka namba asiyoijua, akasikia sauti aliyoitambua kuwa ya bintiye ikilia. Kisha mwanamume akachukua simu na kudai dola milioni 1, baadaye akashuka hadi dola 50,000. Mama huyo hakuokolewa na sikio lake. Aliokolewa na wazazi wengine waliokuwa karibu naye: mmoja aliwapigia polisi, mwingine akampata mumewe, na ikajulikana kuwa binti yuko salama pamoja na baba yake. Kisa hicho kina somo zima la leo, lakini kwanza ni vyema kujua sikio linaweza kugundua nini.

Dalili za sauti iliyotengenezwa

Dalili ya kwanza ni pumzi. Mtu aliyeumia au anayelia huvuta pumzi katikati ya sentensi, humeza mate, hukata neno na kulianza tena. Sauti ya kompyuta mara nyingi husema sentensi ndefu bila pumzi, au huweka pumzi za urefu uleule mahali palepale. Kilio nacho huwa cha kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali kilio cha kweli hupanda na kushuka.

Dalili ya pili ni mazingira. Anayedai kuwa kando ya barabara pale Kimbo anatarajiwa kusikika pamoja na magari, honi na makanga wanaoita abiria. Rekodi bandia huweza kuwa kimya kabisa nyuma ya sauti. Wakati mwingine kelele zimeongezwa, lakini hukatika pale pale sauti inapokoma, au hujirudia zilezile baada ya sekunde chache.

Dalili ya tatu ni matamshi na lugha. Programu nyingi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza. Wazee wengi wa hapa wanaozungumza Kikuyu hulitamka jina Thika kwa sauti iliyo karibu na dh ya "dhahabu", ilhali programu ya kigeni huweza kulitamka kwa th ya "thamani". Majina kama Gatuanyaga na Githurai nayo huweza kupotoshwa. Muhimu zaidi ni namna mtu huyo mwenyewe anavyosema kila siku. Kijana anayemwita mama yake "Mathe" na kuchanganya Kikuyu na Sheng, akigeuka ghafla kusema Kiswahili sanifu na kumwita "Mama mpendwa", kuna jambo.

Dalili ya nne huonekana katika simu ya moja kwa moja. Tapeli anayeandika maneno ili kompyuta iyaseme huhitaji muda, kwa hiyo kila swali hufuatwa na kimya kifupi. Mkazi akimkatiza katikati, sauti huendelea kana kwamba haikusikia. Ndiyo maana mara nyingi sauti ya "mtoto" husema sentensi mbili tatu, kisha simu hupokelewa na "daktari" au "askari", ambaye ndiye anayezungumza hadi mwisho.

Mbona sikio halitoshi

Dalili hizo ni za kweli, lakini zina mipaka. Simu ya kawaida hupitisha sehemu tu ya sauti ya binadamu, takriban mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Sauti nyembamba za juu, ambamo kasoro nyingi za kompyuta hujificha, hukatwa njiani. Mtandao mbaya nao huleta ukimya, kuchelewa na maneno yaliyokatika hata kwa mtu wa kweli.

Tena kuna njia ya pili ya kuiga. Tapeli hazungumzi kwa kuandika, bali huongea mwenyewe, na programu humbadilishia sauti tu. Akiwa mtu wa hapa anayejua Kikuyu na Sheng, matamshi yatakuwa sawa, pumzi itakuwepo na majibu yatakuja upesi.

Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, uliochapishwa mwaka wa 2023, watu 529 walisikilizishwa sauti za kweli na za bandia. Waligundua zile za bandia kwa asilimia 73 tu, na hata waliopewa mifano ya kujifunzia waliboreka kidogo sana. Kwa hiyo kanuni ni hii: dalili ikisikika, ni hatari, dalili isiposikika, si salama bado.

Mfano wa jioni moja

Tuseme mama mmoja wa Makongeni, Thika, ana kijana anayefanya kazi Ruiru. Saa mbili kasorobo usiku, ujumbe wa sauti unaingia kwenye WhatsApp kutoka namba ngeni. Sauti ni ya kijana wake: amegongwa na pikipiki, simu yake imevunjika, anatumia ya muuguzi, na shilingi 18,500 zitumwe kwa namba hiyohiyo kabla hajaingizwa kwenye upasuaji. Asimwambie baba, asije akashtuka.

Jambo la kwanza analofanya mama ni kuipiga namba ya kijana iliyohifadhiwa katika simu yake, bila kujibu ile ngeni. Hata kama ujumbe ungeonekana kutoka kwa namba ya kijana, bado angepiga yeye mwenyewe, kwa sababu namba inayojitokeza kwenye simu inaweza kughushiwa. Ikiwa kijana atapokea akiwa nyumbani anapika ugali, mambo yamekwisha.

Ikiwa simu imezimwa, hapo ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa inafanana na habari ya simu kuvunjika. Mama anampigia mtu wa pili: mwenzake wa nyumba, jirani wa ploti au msimamizi wa kazi. Hatua hii ni muhimu pia kwa sababu matapeli huweza kuihamisha laini ya mtu kwenye kadi yao, na anayepiga namba ya kijana akapokelewa na tapeli huyohuyo. Katika kisa cha Arizona, ni simu ya mtu wa pili iliyofichua ukweli.

Wakati hao wanatafutwa, mama anaweza kumpigia yule wa namba ngeni na kuuliza swali la mtego. Asiulize jina la shule au tarehe ya kuzaliwa, kwa maana hayo yako mtandaoni. Aseme, "Na wale kuku ulioniletea Jumapili, wangapi walikuwa wa shangazi yako?" Kijana halisi, hata akiwa na maumivu, atashangaa: kuku gani? Tapeli atatoa idadi, au atasema hana nafasi ya maswali.

Mama huyo pia anaiangalia njia ya malipo. Hospitali ya umma hupokea malipo kupitia namba yake rasmi na hutoa risiti. Haipokei kwa laini ya muuguzi. Anapoingiza namba hiyo kwenye M-PESA, jina la mwenye laini huonekana kabla pesa hazijatoka. Jina lisilolingana na aliyetajwa linatosha kusimamisha kila kitu. Na ile amri ya kutomwambia baba ni dalili iliyo wazi kuliko kasoro yoyote ya sauti. Mwenye shida ya kweli hataki wasaidizi wapungue.

Familia inaweza kujirahisishia kazi yote hiyo kwa neno moja la siri. Lichaguliwe watu wakiwa wameketi pamoja, lisiandikwe kwenye kundi la WhatsApp, na nyanya na babu wafundishwe pia. Neno lisipotajwa, pesa hazitumwi, hata kama sauti inalia.

Pesa zikiwa zimeshatumwa

Hapa kinachohesabiwa ni dakika. Aliyetuma kwa M-PESA anapaswa kuusambaza ujumbe wa muamala kwa namba 456 mara moja ili kuomba zirejeshwe. Ombi hilo husaidia ikiwa pesa bado zimo kwenye akaunti ya mpokeaji. Zikishatolewa kwa wakala, nafasi hupungua sana. Namba ya tapeli itumwe kwa 333. Wateja wa mitandao mingine wawasiliane na huduma ya kampuni yao, kwa namba wanayoijua, si kwa namba iliyotolewa na anayepiga.

Baadaye mwathiriwa aende kituo cha polisi kilicho karibu, kiwe cha Thika au cha Ruiru, na asiondoke bila namba ya OB. Idara ya Upelelezi, DCI, hupokea habari bila malipo kupitia 0800 722 203. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka wa 2018 inaharamisha ulaghai wa aina hii.

Ujumbe wenyewe usifutwe kwa hasira, wala usirekodiwe upya kwa simu nyingine. Kila nakala hupoteza sehemu ya sauti, na huenda sehemu hiyo ndiyo iliyobeba alama ambazo mchunguzi angezitafuta. Ubaki ulivyoingia, pamoja na namba, tarehe na saa.

Na asiwepo wa kumcheka aliyetapeliwa. Anayeona aibu hunyamaza hadi kesho yake, na kufikia kesho yake pesa zimeshatolewa.