Kontakti ya Kushikilia Ichukuliwe Wapi? Saketi ya Kuwasha na Kuzima Mota katika Vinu vya Mahindi Nakuru

Mafundi wenzangu, saketi hii kila mmoja wetu ameichora. Bonyeza kitufe cha kuwasha, kontakta inavuta, na kontakti yake ndogo inaushikilia mkondo baada ya kidole kutoka. Kwenye waya, saketi hii ina faida moja kubwa: umeme ukikatika kontakta inaachia, na ukirudi mota haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Ninachotaka kuonyesha leo ni jinsi faida hiyo inavyopotea tunapoihamishia kwenye PLC, na jinsi ya kuirudisha.

Chukua kinu cha mahindi hapa Nakuru. Parafujo inasukuma mahindi hadi kwenye lifti ya ndoo, nayo lifti inayapandisha kwenye tangi la juu. Mota ya lifti ni ya kilowati 7.5, volti 415, na huvuta takriban ampea 15. Koili ya kontakta yake inatumia volti 240 za laini, lakini PLC inalindwa na UPS. Kipago cha lifti tukiandike hivi:

```
 I0.0    I0.1      I0.2   I0.3   Q0.0
--] [--+--] [--+---] [----] [----( )
       |  I0.4 |
       +--] [--+
```

I0.0 ni kitufe cha kuzima, I0.1 cha kuwasha, I0.2 ni oveloadi, I0.3 ni relei ya dharura, na I0.4 ni kontakti ndogo ya kontakta yenyewe.

Tuanze na I0.0. Kitufe cha kuzima hufungwa kwa kontakti inayokaa imefunga, kwa hiyo PLC inaona 1 wakati hakuna aliyekibonyeza. Ndiyo maana kwenye programu tunaiandika kama kontakti wazi. Fundi mgeni huandika kinyume, mota inakataa kuwaka, naye badala ya kurekebisha programu anabadilisha kitufe kiwe cha kukaa wazi. Mota inawaka na kazi inaonekana imekwisha. Siku panya atakapokata waya ule, kitufe cha kuzima hakitazima kitu, na hakuna dalili itakayomtahadharisha mtu kabla hajakihitaji.

Sasa kontakti ya kushikilia. Wengi huandika Q0.0 mahali pa I0.4, kwa sababu inaokoa waya mmoja na ingizo moja. Lakini Q0.0 ni amri ya PLC tu. Haijui kama kontakta imevuta. Umeme wa laini ukikatika, kontakta inaachia, ila PLC iko kwenye UPS na Q0.0 inabaki 1. Jenereta ikishika, lifti inaanza kuzunguka yenyewe, pengine mikono ya mtu ikiwa ndani ya kisanduku cha chini akiondoa mahindi yaliyoziba. Ukishikilia kwa I0.4, kontakta ikiachia kipago kinakatika papo hapo.

Kitufe cha dharura nacho kisitegemee programu. Relei yake ikate umeme wa koili moja kwa moja, na I0.3 iwe ya kuipa PLC habari. Bila I0.3 na ukishikilia kwa Q0.0, kukiachilia kitufe cha dharura kunaiwasha mota, jambo ambalo kiwango cha ISO 13850 kinalikataza waziwazi.

Kwa intaloki ya parafujo, weka I0.4 kwenye kipago chake, ili parafujo isimwage mahindi kwenye lifti iliyosimama. Hata hivyo mkanda wa lifti unaweza kuteleza au kukatika huku mota ikizunguka vizuri. Kwa hiyo sensa ya mwendo kwenye shafti ya chini ndiyo intaloki ya kweli, nayo inahitaji kuchelewa kwa sekunde chache wakati wa kuwasha.

I0.4 ina udhaifu wake. Kontakta ikiganda kwa kuungua, I0.4 inabaki 1: ukibonyeza kuzima Q0.0 inaanguka, ukiachilia inarudi, na muda wote huo mota haijasimama. Andika kengele ya I0.4 kuwa 1 wakati Q0.0 ni 0 kwa muda unaozidi kidogo ule ambao kontakta huhitaji kuachia, ili isilie kila mota inapozimwa kawaida; ijishikilie mpaka fundi aifute, nayo izuie Q0.0. Kengele hiyo haitasimamisha mota. Panapohitajika kusimama kwa uhakika, relei ya dharura ikate kontakta mbili zilizofuatana.

Kabla ya kukabidhi, funga lango la mahindi, kisha lifti ikizunguka tupu fanya majaribio matatu, ukiiwasha upya kwa kila moja. Chomoa waya wa kitufe cha kuzima kwenye teminali: isimame. Bonyeza dharura, uachilie, usubiri: isiwake. Zima swichi kuu huku UPS ikifanya kazi, uirudishe: isiwake. Jaribio hili la tatu ndilo mafundi wengi huliruka, kwa sababu mezani, ambako PLC na mota vina chanzo kimoja cha umeme, programu yenye Q0.0 hulipita bila tatizo.