Limau na Minti Usoni: Hotuba kwa Vikundi vya Watengenezaji Vipodozi, Nyeri

Wengi wenu mnatengeneza mafuta ya uso kwa parachichi na makadamia za hapa kwetu, na mafuta hayo ni mazuri. Shida huanzia kwenye kichupa kidogo cha harufu.

Tuchukue chupa ya mililita 30. Mtu anatia matone 20 ya mafuta ya limau ili inukie. Matone 20 ni kama mililita moja, yaani zaidi ya asilimia 3. Mwongozo wa kimataifa wa sekta ya manukato unaweka kikomo cha asilimia 2 kwa mafuta ya limau yaliyokamuliwa kutoka ganda bila joto, yakipakwa na kuachwa kwenye ngozi inayopigwa na jua. Kwa ndimu ni asilimia 0.7 tu.

Sababu ni kwamba ganda la limau na ndimu lina kemikali zinazoamshwa na jua. Mteja anajipaka asubuhi, anashinda sokoni Karatina, na jioni hana neno. Kesho yake au kesho kutwa uso unawaka, unakuwa mwekundu, pengine malengelenge. Baadaye hubaki madoa meusi kwa wiki au miezi. Kwa sababu yamechelewa, hulaumu chakula au maji. Na baridi yetu isitudanganye: Nyeri mjini tuko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na miale ya jua inayochoma huongezeka kadiri unavyopanda, hata kukiwa na mawingu mepesi.

Minti ni jambo jingine. Mentholi iliyomo huchokoza neva zinazohisi baridi, basi mtu husema, "Naona inafanya kazi." Ngozi haijapoa hata kidogo. Ikizidi, huchoma papo hapo, hasa karibu na macho. Usoni mwa mtoto mchanga isipakwe kabisa, kwani inaweza kumbana pumzi.

Kwa uso, chaguo salama zaidi ni kutotia harufu. Mkitaka limau, wekeni kwenye sabuni ya mikono inayosuuzwa, au nunueni mafuta ya limau yaliyotolewa kwa mvuke. Hayo kemikali zile za jua karibu hayana. Hata hivyo yakikaa wazi huharibika kwa hewa na kuleta mzio, kwa hiyo chupa iwe nyeusi na ifungwe vizuri. Lavenda nayo, ambayo wengi huiona mpole, huharibika vivyo hivyo.

Anayependa kunukia apulizie leso au kola ya koti. Na kabla ya kuuza mchanganyiko mpya, paka kidogo ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, siku saba mfululizo. Ukiona mwasho au wekundu, usiuze. Jaribio hilo lakini halionyeshi madhara ya jua, kwa hiyo hesabu ya matone lazima ifanywe pia.